Majibu ya otomatiki kwenye komenti na DM: roboti ajibu nini na lini amwachie mtu

Dada yangu ana duka la raba na viatu vya kike Kariakoo, mi ndo nashika simu ya biashara, Instagram na WhatsApp zote ziko kwangu. Siku moja mteja kaandika DM "nimelipa tangu jana mbona mzigo siuoni", sasa mi nilikuwa nimeweka sheria kwamba meseji yoyote yenye "lipa" ndani yake ijibiwe na maelezo ya malipo. Basi mtu ana wasiwasi na hela yake, anauliza, anajibiwa "Karibu sana! Kulipa ni rahisi, tutakupa lipa namba, ukishalipa tutumie skrinshoti 😊". Akaandika tena, akajibiwa vilevile neno kwa neno. Mara ya tatu hakuandika DM, akapiga skrinshoti akaenda kuiweka kwenye komenti za posti yetu mpya na neno moja tu, matapeli. Na mzigo wake ulikuwa umeshafika stendi kitambo, sema mi sikuwa nimeangalia simu.

Toka hapo nikafuta sheria zote nikaanza upya, na hivi ndo nilivyopanga. Nimeandika kwa mfano wa duka la viatu maana ndo ninalolijua, wewe badilisha bidhaa tu.

Kwanza jua simu yako inaweza nini

Hapa watu wengi wanakosea kabla hata hawajaanza. Ile WhatsApp Business ya bure ya kwenye simu haisomi mteja kaandika nini. Ina `Greeting message`, ambayo inaenda kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano na wewe. Ina `Away message`, ya muda ambao haupo. Na ina `Quick replies`, majibu uliyoyahifadhi unayoyaita mwenyewe kwa kuandika alama ya `/` na jina fupi ulilolipa. Basi. Haiwezi kutofautisha aliyeuliza bei na aliyekuja kulalamika.

Kwa hiyo ukiona duka limeandika kwenye salamu ya WhatsApp "bonyeza 1 kupata bei, bonyeza 2 kujua tulipo", na wanatumia hiyo app ya bure, ujue mteja akibonyeza 1 hakuna kitakachotokea, anakaa anasubiri kama kapiga huduma kwa wateja. Nimeliona sana hili. Kama huna mfumo wa kulipia uliounganishwa na WhatsApp usiandike namba za kubonyeza, andika salamu inayomwomba mteja atoe vitu vyote kwa mkupuo mmoja: "Karibu, tutumie picha ya kiatu, saizi yako na mahali ulipo, tunakujibu kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni". Ukija kufungua simu unakuta kila kitu kipo, unajibu mara moja.

Na hapohapo kwenye saa angalia vizuri. Kwenye setingi za `Away message` saa ni za kizungu, yaani ukitaka kusema kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 3 asubuhi unaweka 18:00 mpaka 09:00. Mi wiki nzima nilikuwa nimeweka 12:00 mpaka 03:00, duka likawa linawaambia watu tumefunga saa 8 mchana na huku tumekaa tunawasubiri. Halafu hiyo `Away message` inatoka tu kama simu ina intaneti, bando likiisha usiku nayo imelala.

Instagram na Facebook ndo kuna sheria za maneno. Akaunti yako ya Instagram inabidi iwe ya kibiashara na iunganishwe na peji ya Facebook, halafu unaingia Meta Business Suite, unafungua `Inbox`, unatafuta `Automations`. Humo ndani ndo unaweka kwamba meseji ikiwa na neno fulani ijibiwe hivi. Majina ya vitufe wanayabadilishabadilisha ila wazo ni lilelile. Kuna mifumo ya kulipia kama ManyChat inayokupa uwezo zaidi, hasa wa kumnyamazisha roboti mtu akiingia, nitalisema hilo mbele. Kama unaanza, anza na ya bure.

Soma meseji 100 kabla hujaandika sheria hata moja

Fungua DM zako na komenti, chukua 100 za mwisho, kaa na daftari. Usiandike "aliuliza bei", andika maneno yake vilevile alivyoyaandika na makosa yake. Mi nilipofanya hivi nilikuta bei inaulizwa kwa namna sijui ngapi: bei, bei gani, bei plz, sh ngapi, shingapi, shi ngap, inauzwaje, hii mnauzaje, na kuna wanaotuma alama ya kuuliza tu chini ya picha. Haya ndo maneno mtego yako, yale yatakayomwamsha roboti ajibu, usiyatunge kichwani.

Kisha panga mafungu, na kwa kila fungu jiulize swali moja: jibu la leo na jibu la wiki ijayo ni lilelile? Kama ndiyo, roboti anaweza. Kwetu yalibaki matatu tu, bei, duka lipo wapi, na kama tunatuma mikoani. Watu wananiuliza mbona saizi hujaweka, na kweli "42 ipo?" inaulizwa kila siku. Sijaweka kwa sababu pea moja ya 42 inaweza kuondoka dukani saa 7 mchana na saa 7 na dakika 5 roboti akamwambia mtu wa Tegeta ipo njoo, kapanda gari kaja kakuta hamna. Kitu kinachobadilika ndani ya siku mpe mtu ajibu.

Maneno mtego, na hapa ndo Kiswahili kinatupiga chenga

Hii mifumo imetengenezwa na watu ambao maneno yao yanasimama peke yake. Kiswahili chetu neno moja linabeba sentensi nzima, nani kafanya, lini, kamfanyia nani. Sasa ukimwambia roboti "ikiwa na lipa", yeye anaona "nalipaje", "nimelipa", "nitalipa kesho", "sijalipa" na "nirudishie nilicholipa" vyote kitu kimoja, wakati wewe na mimi tunajua huyo wa kwanza anataka kununua na huyo wa mwisho anataka kukuchapa.

Kwa hiyo chagua neno zima, siyo kipande. Mfumo mwingi unakupa kuchagua kati ya meseji "iwe na" hizo herufi popote au "iwe na neno hilo kamili". Ukichagua herufi popote utachekwa. "bei" imo ndani ya "beibi", kuna kaka alikuwa anamtag mpenzi wake kwenye komenti "beibi hii inakufaa" roboti akamjibu elfu arobaini na tano. "wapi" imo ndani ya "niwapigie", mtu kaandika "naomba namba niwapigie" kajibiwa ramani ya Kariakoo. Na "ngapi" usiiguse kabisa ikiwa peke yake, maana kuna saa ngapi, saizi ngapi, siku ngapi, na zote siyo bei.

Lakini ukichagua neno kamili kuna kazi ya kufanya, lazima uandike kila umbo lenyewe. Neno "tuma" peke yake halitakamata "mnatuma", kwa hiyo unaandika mnatuma, mnatumaga, mnasafirisha, mikoani, mkoani. Ni kazi ya nusu saa na daftari lako la meseji 100 linakusaidia. Weka na makosa ya watu, "shingap" bila i ya mwisho ipo sana.

Sasa sikia jambo ambalo lilinifungua macho. Kwenye zile meseji 100 niligundua naweza kujua nani apelekwe kwa mtu kwa kuangalia mwanzo wa neno tu. Anayetaka kununua anaongea na -na-: mnatuma, mnauza, inauzwaje, mnapatikana wapi. Mwenye tatizo anaongea na kilichokwisha kutokea au kilichotakiwa kitokee hakijatokea: nimelipa, nimetuma, nilinunua, sijapata, hamjaleta, haijafika. Jambo likishatokea, jibu lake liko kwenye daftari la oda, na roboti hana daftari. Hivyo nime-, sija-, hamja- na haija- ni kengele ya kumwita mtu. Ongeza na "mbona". Kuna mtu ameshawahi kukuanzia meseji na mbona akiwa na furaha?

Kuna kasoro moja, "nimeipenda hii bei gani". Hiyo ina nime- na ni mteja safi kabisa, na wako wengi. Ndo maana sipeleki kila nime- kwa mtu, napeleka nime- iliyobeba kulipa, kutuma, kununua, kuagiza au kupokea. Sija- na hamja- nazipeleka zote bila kuchagua, hata "sijaelewa" inamhitaji mtu. Ikikosea ikaniletea swali la kawaida la bei nimepoteza dakika, ikikosea upande wa pili yale ya matapeli yanarudi.

Kwenye Meta Business Suite unaandika maneno yenyewe moja moja. Kama una mfumo wa kulipia unaokubali regex, yaani alama za kutafuta maneno kwa umbo lake, hii inakamata mengi kwa mkupuo, pamoja na nimewatumia, nimeshalipa na nilishatuma:

```
\b(nime|nimesha|nilisha|nsha|nili)(wa|i|ki)?(lip|tum|nunu|agiz|poke)
\b(sija|hamja|haija|haja)
```

Ijaribu na "nimeipenda" uone kwamba haikamati. Na weka isijali herufi kubwa na ndogo, wenye hasira wanaandika NIMELIPA.

Mpangilio wa sheria, ipi itangulie

Meseji moja inaweza kuwa na vitu viwili. "Nimelipa bei mliyosema mbona hamjaleta" ina bei ndani. Kwa hiyo sheria za kumwita mtu zinakaa juu, za kujibu zinakaa chini. Sisi yetu iko hivi:

```
1. nimelipa, nimetuma, sijapata, hamjaleta, mbona, tapeli -> MTU
2. mwisho, punguza, nipunguzie, jumla                     -> MTU
3. mnatuma, mnasafirisha, mikoani                         -> jibu la usafiri
4. mpo wapi, mko wapi, mnapatikana                        -> jibu la mahali
5. bei, sh ngapi, shingapi, inauzwaje                     -> jibu la bei
6. mengine yote                                           -> kimya, MTU
```

Mstari wa pili watu wanausahau. "Bei ya mwisho ngapi" ina neno bei, ukiiacha roboti atamrudia mteja bei ileile ya mwanzo, na kwa mteja wetu hiyo ni kumkatalia mapatano kavukavu bila hata "tuongee". Kupatana ni kazi ya mtu. Anayeuliza jumla naye usimpe roboti, huyo anataka pea 20 halafu unamjibu kwa maneno ya kopi?

Mstari wa sita nao una maana yake. Roboti asipoelewa anyamaze. Usiweke lile jibu la "samahani sijaelewa, tafadhali rudia swali lako", mteja hajakosea kuuliza, na ukimrudishia mara mbili anaondoka. Kama mfumo wako hauruhusu kupanga nani atangulie, na ile ya bure hautakupa nafasi kubwa ya kupanga, basi bana maneno ya chini yawe ya uhakika tu: badala ya "bei" peke yake weka "bei gani", "bei plz", "sh ngapi". Utakosa baadhi, utajibu mwenyewe, hamna shida.

Voisi, picha na skrinshoti zote zinaenda kwa mtu moja kwa moja. Wateja wetu wanapenda voisi, na skrinshoti mara nyingi ni ya muamala.

Kuandika jibu lenyewe

Jibu la roboti liwe na vitu vitatu: jibu halisi, swali moja la kuendeleza, na mlango wa kutokea. Na liseme wazi ni la otomatiki, watu hawakasiriki kujibiwa na mashine, wanakasirika wakigundua walikuwa wanabembeleza mashine.

La usafiri letu linasema: "Hili ni jibu la otomatiki. Ndiyo, mikoani tunatuma kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli, mzigo unaondoka siku inayofuata baada ya malipo, nauli ya mzigo unalipa wewe. Upo mkoa gani? Ukitaka kuongea na mhudumu andika MTU." Linatosha. Usianze na "Habari mpendwa mteja wetu wa thamani", anayesoma kwenye simu anaona mstari wa kwanza tu na umeupoteza kwa mapambo.

La mahali toa alama, siyo mtaa tu. Kariakoo mtu akiambiwa mtaa wa Aggrey bado anazunguka, mwambie ghorofa ipi, floo ya ngapi, ukipita ngazi za upande gani. Na siku za kufungua weka, la sivyo Jumapili utapigiwa na mtu kasimama mlangoni.

La bei lina ugumu. Kwenye komenti unajua anaulizia picha ipi, kwenye DM mtu anaandika "bei" tu na roboti hajui ni kiatu gani. Usikisie. Jibu letu la DM linasema raba ni kati ya 35,000 na 60,000, tuma picha ya unayoitaka upewe bei yake. Mteja akituma picha inaingia kwa mtu, na mtu anamaliza. Mi naona hapo ndo mgawanyo mzuri, roboti kamshika mteja asiondoke, bei kamili kaitoa mtu.

Kitu kimoja usiweke kabisa kwenye jibu lolote la otomatiki: lipa namba. Nchi hii kila mtu ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo namba ya malipo ikija yenyewe bila mtu kuomba, mteja anastuka, na ana haki. Halafu kuna matapeli wanafungua akaunti yenye jina kama lako na picha zako, wakiona unatoa namba kwa roboti na wao watatoa yao hivyohivyo. Namba itoke kwa mtu, baada ya oda kuthibitishwa, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja akilipa.

Komenti zina adabu zake

Komenti ni hadharani. Ile tabia ya "bei njoo DM" inachosha watu, bora bei uiandike kwenye posti yenyewe na kwenye komenti ujibu bei palepale. Sheria ya bei kwenye komenti iweke kwa posti moja moja, siyo kwa akaunti nzima, maana posti ya raba ni 45,000 na ya sendo ni 25,000, ukiweka ya jumla utauza raba kwa bei ya sendo na mteja atakushikilia hapohapo, ana skrinshoti. Ukibadilisha bei ya kwenye posti, badilisha na ya roboti dakika hiyohiyo.

Usijibu komenti zote. Mtu kumtag rafiki yake, mtu kuweka moto na kopa, hao waache wafurahi. Na usiwe na sentensi moja inayojirudia mara 60 chini ya posti, Instagram inaweza kuona kama spamu na ikakuzuia kukomenti kwa muda. Andika matoleo manne matano ya jibu lilelile yazunguke.

Kuna ile ya kumtumia DM mtu aliyekomenti, kwenye Meta inaitwa `Comment to message`. Ni nzuri ila ina mipaka: kwa komenti moja unaruhusiwa meseji moja tu, na ndani ya siku 7 tangu akomenti. Asipojibu huwezi kumfuata na ya pili. Kwa hiyo hiyo meseji moja isiwe salamu tupu, iwe na bei, saizi tulizonazo kwa kawaida (35 mpaka 45) na swali linalojibika kwa neno moja, "unavaa namba ngapi?" Akijibu ndo mazungumzo yamefunguka.

Komenti yenye mbona, tapeli, wezi, au sijapata, roboti asiiguse kabisa. Mtu anajibu hadharani kwa mstari mmoja, "Dada pole, nimeona, nakutumia DM sasa hivi", kisha anaingia DM kweli. Usiifute. Mi ile ya skrinshoti nilitamani kuifuta, dada akanikataza, akajibu mwenyewe na picha ya risiti ya basi, na mteja akarudi palepale kuandika mzigo kaupata. Ila komenti yenye namba ya simu ya mteja ifiche haraka, watu wanaandika namba zao hadharani na matapeli wanazikusanya wanawapigia wakijifanya ni wewe.

Kukabidhi kwa mtu

Kukabidhi siyo roboti kusema "utahudumiwa" halafu aendelee kuropoka. Kuna mambo matatu lazima yatokee pamoja.

La kwanza, mteja anaambiwa nani anakuja na lini, kwa saa. "Nimempa mhudumu meseji yako, atakujibu kabla ya saa 8 mchana. Tutumie jina lililolipa na mkoa." Hiyo sentensi ya mwisho inasaidia sana, mtu akifungua anakuta kila kitu hahitaji kuanza kuhoji. Usiandike "muda si mrefu", mwenye hela yake nje hajui muda si mrefu ni dakika au wiki. Na kama ni usiku sema kesho saa 3 asubuhi, usidanganye.

La pili, wewe unapata taarifa. Kwenye mfumo unaweka lebo, sisi tuna lebo mbili tu, HELA na MAPATANO. HELA ni mtu ambaye pesa yake imeshatoka, huyo anajibiwa kwanza hata kama kuna wanunuzi kumi wanasubiri. WhatsApp Business nayo ina lebo, unaziweka kwa mkono. Usiwe na lebo kumi na mbili, hakuna atakayezitumia.

La tatu, roboti ananyamaza. Hapa pagumu. Unaongea na mteja vizuri kuhusu mzigo wake, anasema "sawa nimeelewa, na ile nyeusi bei gani", roboti anaruka katikati "Hili ni jibu la otomatiki". Kwenye mifumo ya kulipia kuna sehemu ya kusimamisha otomatiki kwa mazungumzo hayo, iweke saa 24 au mpaka ufunge mazungumzo mwenyewe. Kwenye ya bure jaribu na akaunti ya rafiki uone inafanyaje kwako, na kama roboti anaingilia, ndo sababu nyingine ya kubana maneno mtego yawe machache.

Halafu kuna saa. Kwa mifumo iliyounganishwa na Messenger, Instagram au WhatsApp, una saa 24 tangu meseji ya mwisho ya mteja. Zikipita, WhatsApp inakutaka utumie ujumbe wa mfano uliopitishwa nao kabla, na Messenger na Instagram zinaruhusu jibu la mtu, siyo roboti, mpaka siku 7 kama mfumo wako una ruhusa hiyo. Ukijibu kwa kidole chako ndani ya app ya WhatsApp Business au ya Instagram haya hayakubani. Lakini duka linalofunga Jumamosi jioni na kufungua Jumatatu likitegemea mfumo, oda za Jumamosi mchana zinakuwa zimeshapitiliza. Sisi Jumapili asubuhi mtu mmoja anapita lebo ya HELA kwa dakika 20.

Na ukiacha hayo maneno, kuna kanuni ya idadi: roboti akishajibu mara mbili kwenye mazungumzo yaleyale na mteja bado anaandika, ya tatu ni ya mtu, bila kujali kaandika nini.

Tupitishe mteja mmoja tuone

Mteja anakomenti kwenye picha ya raba nyeusi: "shingapi". Roboti anajibu hapohapo "45,000, tumekutumia DM". DM inaenda na saizi na swali la namba. Anajibu "41, mnatuma mbeya?". Neno "mnatuma" linanasa, jibu la usafiri linatoka, linauliza mkoa wakati ameshautaja. Kakosea kidogo, hainiumizi. Mteja anaandika "nimesema mbeya, mwisho bei gani". Hapo kuna "mwisho", na isitoshe ni meseji ya pili ya roboti imeshapita, inaingia kwangu na lebo ya MAPATANO. Naangalia rafu 41 ipo, namwambia 42,000 na nauli juu yake, anakubali, nampa lipa namba na jina la duka litakalotokea. Roboti amesimamishwa saa 24.

Kesho yake jioni, zile saa zimeisha, anaandika "nimelipa jana sijapata meseji ya basi". Kwa sheria zangu za zamani angepewa somo la jinsi ya kulipa. Sasa "nimelipa" iko mstari wa kwanza, anapata "Nimempa mhudumu, atakujibu kabla ya saa 1 usiku, tutumie jina lililolipa", kwangu inalia kengele ya HELA, natafuta risiti, namtumia picha yake na namba ya gari.

Kila Jumatatu, dakika 15

Fungua mazungumzo 20 ambayo roboti alijibu wiki iliyopita, angalia meseji ya mteja iliyofuata baada ya jibu. Akiuliza kilekile kwa maneno mengine, jibu lako halijaeleweka. Akinyamaza kabisa mara nyingi kwenye jibu lilelile, lina kasoro, kwetu la mahali ndo lilikuwa hivyo mpaka tulipoongeza floo. Akiandika "we ni mtu au?" ongeza lile neno la otomatiki mbele. Neno jipya lililopita bila kunaswa liandike kwenye daftari, ukiliona mara tatu liingize kwenye sheria. Na kabla ya kuhifadhi sheria yoyote mpya, jitumie kutoka akaunti nyingine meseji nne: "bei gani", "nimeipenda bei gani", "nimelipa bei mliyosema mbona kimya", na "beibi njoo uone". Mbili za kwanza zijibiwe na roboti, ya tatu ije kwako, ya nne ipite kimya.